Vitufe viwili vyenye jina moja: nilivyotafuta majina ya amri katika Excel ya Kijerumani

Kwa muda wa wiki sita nilifanya kazi kwenye kompyuta ambayo Excel yake ilikuwa ya Kijerumani, lugha ambayo nilikuwa sijui hata kusalimiana kwayo. Kompyuta haikuwa yangu, sikuwa na ruhusa ya kusakinisha chochote ndani yake, na kwa hiyo dawa ya kwanza ambayo kila mtu hunitajia ninaposimulia habari hii, yaani kubadilisha lugha ya programu, sikuweza kuitumia. Njia hiyo ipo: unaingia `Datei`, kisha `Optionen`, kisha `Sprache`, unachagua lugha, unafunga programu na kuifungua upya. Hata hivyo, lugha unayoitaka isipokuwa imekwisha kusakinishwa, huwezi kuendelea, na mimi sikuweza.

Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo. Kulikuwa na daftari la vifaa lenye safu mlalo 412 na safu wima nane, na maelekezo ya ukurasa mmoja yaliyoandikwa kwa Kiingereza na mtu aliyetumia Excel ya Kiingereza. Maelekezo yalisema: safisha yaliyomo kwenye safu wima D, bandika humo thamani kutoka faili jipya, ondoa safu mlalo zilizojirudia, kisha gandisha safu mlalo ya juu ili vichwa visipotee mtu anaposhuka chini. Kwa Kiingereza, amri hizo husomeka `Clear Contents`, `Paste Special`, `Remove Duplicates` na `Freeze Top Row`. Nilizijua zote kwa miaka mingi, lakini sikuziona hata moja kwenye skrini iliyokuwa mbele yangu.

Nilianza kwa kufanya lile ambalo nadhani kila mtu angelifanya, yaani kufungua kamusi. Nilitafuta neno la Kijerumani lenye maana ya kufuta nikapata `Löschen`. Nikatazama utepe, nikaona kitufe chenye neno hilo hilo kwenye kichupo cha `Start`, nikateua safu wima D yote na kukibofya. Safu wima D haikusafishwa bali ilitoweka, na safu wima E ikasogea kuchukua nafasi yake. Katika safu wima ya mwisho, ambamo kulikuwa na fomula, kila seli ilianza kuonyesha `#BEZUG!`.

Vidole vyangu viliwahi kabla akili haijaelewa, nikabonyeza Ctrl na Z ili kutendua. Safu wima nyingine ikatoweka.

Nilichukua dakika kadhaa kuelewa kilichotokea hapo, na naona inafaa nikieleze taratibu kwa sababu kinaweza kumpata yeyote anayekaa mbele ya mashine ya namna hiyo. Kwenye kibodi ya Kijerumani, herufi Z na Y zimebadilishana mahali. Mtu aliyezoea kuandika bila kutazama vitufe hupeleka kidole mahali Z inapokaa kwenye kibodi aliyoizoea, ambapo kwenye kibodi ile pana Y. Katika Excel, Ctrl na Y maana yake ni kurudia tendo la mwisho, na tendo langu la mwisho lilikuwa kuondoa safu wima. Kumbe nilikuwa nimeiamuru programu iendelee kubomoa. Niliokolewa na mshale uliojipinda kuelekea kushoto, ule ulio juu kabisa ya dirisha, ambao umbo lake lilikuwa lile lile nililolizoea. Niliubofya mara mbili na safu wima zote mbili zikarudi, pamoja na fomula zake. Nilipoweka kipanya juu ya mshale huo bila kubofya, likajitokeza neno `Rückgängig`, nalo likawa neno la kwanza nililolinukuu kwenye karatasi.

Lakini kwa nini `Löschen` haikufuta nilichotaka kifutwe? Nilirudi kwenye kichupo cha `Start` na kukikagua kitufe kwa kitufe, nikagundua kwamba neno hilo lipo mahali pawili ndani ya kichupo hicho kimoja. Katika kundi liitwalo `Zellen`, yaani seli, `Löschen` ndiyo `Delete` ya Kiingereza: inaziondoa seli zenyewe, na zile jirani zinasogea kuziba pengo. Katika kundi liitwalo `Bearbeiten`, upande wa kulia kabisa, kuna `Löschen` nyingine yenye picha ya kifutio, nayo ndiyo `Clear`: inaacha seli mahali pake na kuondoa kilichomo tu. Skrini yangu ilikuwa nyembamba, na dirisha linapokosa nafasi, Excel huficha maandishi ya baadhi ya vitufe na kubakiza picha. Kwa hiyo `Löschen` ya pili ilikuwa imebaki kifutio kisicho na neno, na ile pekee iliyosomeka ndiyo iliyokuwa ya hatari.

Kiingereza kimeyatenganisha matendo haya mawili kwa maneno mawili, Kijerumani kimeyaweka chini ya neno moja na kuacha nafasi ya kitufe ieleze tofauti. Kamusi haikukosea ilipotafsiri. Swali langu ndilo lililokuwa na kasoro, kwa kuwa nilikuwa naiuliza maana ya neno wakati nilichohitaji ni jina la tendo.

Baada ya hapo niliona mtego wa pili kabla haujaninasa. Neno `Einfügen` lilikuwa kila mahali. Ni jina la kichupo kinachofuata `Start`, kile ambacho kwa Kiingereza huitwa `Insert`, ambamo mna picha, chati na majedwali. Ni jina pia la kitufe kikubwa kilicho mwanzo wa kichupo cha `Start`, chenye picha ya ubao wa kunakilia, ambacho kwa Kiingereza ni `Paste`. Halafu ni jina la kitufe kingine ndani ya kundi la `Zellen`, jirani kabisa na ile `Löschen` iliyonitia hasara, ambapo maana yake ni kuingiza seli, safu mlalo au safu wima mpya. Ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya seli baada ya kunakili kitu, unaona `Inhalte einfügen`, ambayo ni `Paste Special`, na karibu yake `Kopierte Zellen einfügen`, ambayo inaingiza zile seli ulizonakili na kuzisukuma zilizokuwepo. Mtu anayetafsiri neno kwa neno atasoma ya kwanza kuwa ni kuingiza yaliyomo na ya pili kuwa ni kuingiza seli zilizonakiliwa, na hatakuwa na njia ya kujua kwamba ya kwanza inafunika kilichopo na ya pili inakisogeza.

Tangu hapo niliacha kamusi nikaanza kutafuta ushahidi ndani ya programu yenyewe. Ushahidi wa kwanza ni mahali. Mpangilio wa utepe wa Kijerumani ni ule ule wa Kiingereza: kichupo cha faili ni cha kwanza kushoto, kinachofuata ni kile cha kazi za kila siku, kisha cha kuingiza vitu, mpangilio wa ukurasa, fomula, data, mapitio na mwonekano. Kwa Kijerumani vinasomeka `Datei`, `Start`, `Einfügen`, `Seitenlayout`, `Formeln`, `Daten`, `Überprüfen` na `Ansicht`. Nilipokumbuka kwamba kugandisha safu mlalo kuko kwenye kichupo cha mwonekano, nilikwenda moja kwa moja kwenye `Ansicht` na kuikuta `Fenster fixieren`, ikiwa na picha ile ile ya jedwali ambalo mstari wake wa juu na wa kushoto umetiwa rangi. Vivyo hivyo kwenye `Daten` niliikuta `Duplikate entfernen`, ambayo hata asiyejua Kijerumani anaweza kuibahatisha.

Mahali na picha hutosha kwa amri za kila siku. Havitoshi kwa amri ambayo hujawahi kuitumia, wala pale ambapo ulichonacho ni jina la Kijerumani peke yake na hujui litaitwaje kwa Kiingereza ili uweze kutafuta maelezo yake au kumwuliza mwenzako. Mfano wangu ulikuwa `Zielwertsuche`, iliyokuwa imejificha ndani ya menyu moja ya kichupo cha `Daten`. Kamusi ilinipa kitu kama utafutaji wa thamani lengwa, na sikuwa nimewahi kukutana na amri yenye jina la namna hiyo.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho natamani ningekijua siku ya kwanza. Ndani ya Excel kila amri ya utepe ina jina la ndani, na jina hilo ni la Kiingereza hata programu iwe ya lugha gani. Ili kuliona, unafungua `Datei`, unakwenda `Optionen` iliyo chini kabisa ya orodha ya kushoto, kisha unachagua `Menüband anpassen`, ukurasa wa kurekebisha utepe. Upande wa kushoto wa ukurasa huo kuna orodha ya amri, na juu yake kisanduku cha kuchagua ni amri zipi zionyeshwe. Ukichagua `Alle Befehle`, yaani amri zote, unapata orodha ndefu iliyopangwa kwa alfabeti ya lugha iliyo kwenye skrini. Weka kipanya juu ya amri unayoitaka na usubiri kidogo bila kubofya. Hujitokeza maandishi yanayotaja kichupo na kundi la amri hiyo kwa Kijerumani, na mwishoni, ndani ya mabano, hukaa lile jina la ndani. Kwa `Zielwertsuche` nilisoma `GoalSeek`, na papo hapo nikajua ni ile zana ya Kiingereza iitwayo `Goal Seek`, ambayo inatafuta ni thamani gani iwekwe katika seli moja ili fomula ya seli nyingine itoe jibu unalolitaka. Kwa `Duplikate entfernen` nilisoma `RemoveDuplicates`. Kwa `Zeilenumbruch`, ambayo kamusi ilinifanya niidhanie kuwa inakata mistari vipande, nilisoma `WrapText`: maandishi marefu yanakunjwa ndani ya seli yake.

Ukimaliza kusoma, toka kwa kitufe cha `Abbrechen`, yaani ghairi, ili usije ukaacha mabadiliko kwenye utepe wa mtu mwingine. Njia hii ina kasoro moja ya kuikumbuka: jina la ndani halilingani herufi kwa herufi na lile la kwenye menyu ya Kiingereza. Amri ya kugandisha, kwa mfano, huonekana kama `ViewFreezePanesGallery`, ambapo neno la kwanza linataja kichupo, la mwisho linaeleza kwamba kitufe kinafungua orodha, na jina lenyewe liko katikati. Ukishazoea kung'oa maneno ya pembeni, hutapata shida.

Kwa zile `Löschen` mbili, hata hivyo, sikutaka jina tu. Nilitaka kuwa na uhakika wa kile ambacho kila kimoja kinatenda. Kwa hilo nilitumia kirekodi cha makro, zana ya Excel inayoyaandika matendo yako kama msimbo wa programu. Nilifungua nakala ya faili, kamwe si faili lenyewe, nikaenda `Ansicht`, kisha `Makros`, kisha `Makro aufzeichnen`, nikabofya `OK`. Nikateua safu wima D na kubofya kifutio cha kundi la `Bearbeiten`, nikachagua `Inhalte löschen`. Nikasimamisha kurekodi kwa `Aufzeichnung beenden`, nikatendua kwa ule mshale, kisha nikarudia yote kwa `Löschen` ya kundi la `Zellen`. Nilipobonyeza Alt na F11 likafunguka dirisha la kuhariri makro, na ndani ya `Modul1` nikakuta kwamba kile nilichokifanya kwa Kijerumani kimeandikwa kwa Kiingereza. Kifutio kilikuwa kimeandika hivi:

```
Columns("D:D").Select
Selection.ClearContents
```

Na kile kitufe cha hatari kilikuwa kimeandika hivi:

```
Columns("D:D").Select
Selection.Delete Shift:=xlToLeft
```

Katika mstari wa mwisho wa kila kipande, mambo yote yamo. `ClearContents` inasafisha yaliyomo na kuishia hapo. `Delete` inaondoa, na maneno yanayoifuata yanaeleza kwamba zilizobaki zitasogea kushoto. Hakuna kamusi ambayo ingeniambia jambo hilo la kusogea. Nilifanya vivyo hivyo kwa `Inhalte einfügen` nikiwa nimechagua `Werte`, na kirekodi kikaandika mstari mrefu uliokuwa na `PasteSpecial` na `xlPasteValues`, nikajua kwamba ndiyo ile `Paste Special` niliyoelekezwa, na kwamba `Werte` ni thamani bila fomula.

Nitaje mipaka ya njia hii, maana niliwahi kumweleza mtu akaijaribu mahali pasipofaa. Kirekodi hiki kipo kwenye Excel iliyosakinishwa kwenye kompyuta. Hakipo kwenye ile ya simu. Ofisi nyingine hufunga kabisa matumizi ya makro, na hapo hutakuwa na la kufanya ila kurudi kwenye jina la ndani. Pia si lazima kuiendesha makro uliyoirekodi, na nashauri usiiendeshe: unachohitaji ni kuisoma tu. Makro ikishaendeshwa, Excel hupoteza orodha ya matendo yanayoweza kutenduliwa, na ule mshale ulioniokoa utakuwa hauna kazi. Unapofunga faili, kataa kuhifadhi.

Njia za mkato za kibodi nilizitegemea zaidi ya nilivyopaswa. Kwanza ilibidi nijue kwamba Ctrl huandikwa `Strg` kwenye kibodi hiyo, na kile kitufe cha kufuta kinaandikwa `Entf`. Hicho cha mwisho, kwa bahati nzuri, husafisha yaliyomo tu na hakiondoi seli, kwa hiyo siku ile ya kwanza ningeteua safu wima D na kukibonyeza, kazi ingekwisha bila kugusa utepe. Njia za mkato zenye tarakimu hubaki zile zile: Ctrl na 1 hufungua dirisha la muundo wa seli. Zile zenye herufi hazina uhakika huo, kwa sababu lugha nyingine zimezifuatisha na maneno yao. Aliyezoea Ctrl na S kwa kuhifadhi atashangaa kwenye Excel ya Kihispania, ambako herufi hiyo inapigia maandishi mstari chini, na kuhifadhi kumehamia kwenye G. Kwenye Kijerumani S bado ni ya kuhifadhi, lakini ya kukoleza maandishi haikuwa B niliyoizoea.

Fomula zilinihangaisha kwa namna tofauti, na nitazipitia kwa ufupi. Seli moja ya faili lile ilikuwa na maandishi haya:

```
=WENNFEHLER(SVERWEIS(A2;Liste!$A$2:$C$400;3;FALSCH);"")
```

Sikuitambua hata kidogo, ingawa ni fomula ambayo nimeiandika mara nyingi sana. Excel huhifadhi majina ya fomula ndani ya faili kwa Kiingereza na kuyaonyesha kwa lugha ya programu, kwa hiyo faili hilo hilo likifunguliwa kwenye Excel ya Kiingereza hubadilika lenyewe bila mtu kuligusa. Kama huna Excel ya Kiingereza karibu, teua seli hiyo, bonyeza Alt na F11, kisha Ctrl na G. Hufunguka dirisha dogo chini, kwa Kijerumani `Direktbereich`, ambamo unaandika mstari huu na kubonyeza Enter:

```
? ActiveCell.Formula
```

Jibu lililotoka lilikuwa hili:

```
=IFERROR(VLOOKUP(A2,Liste!$A$2:$C$400,3,FALSE),"")
```

Ukitaka kwenda kinyume chake, andika `FormulaLocal` badala ya `Formula`, nawe utaona jina la lugha iliyo kwenye skrini. Zitazame fomula hizo mbili utaona kwamba nuktamkato zimegeuka kuwa mikato. Alama hiyo haitegemei lugha ya Excel bali mipangilio ya eneo ya kompyuta nzima, na ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na Excel ya Kiingereza ambayo bado inakataa mkato. Makosa nayo yana majina yake: `#BEZUG!` iliyonitisha ni `#REF!`, yaani fomula inarejelea seli isiyokuwepo tena, na `#NV` ni `#N/A`. Ukiandika `VLOOKUP` kwa Kiingereza kwenye Excel ya Kijerumani utapata `#NAME?`, na hiyo haibadiliki katika lugha hizo mbili.

Kuna kitu kimoja ambacho programu haikigeuzi, nacho ni maandishi yaliyo ndani ya alama za kunukuu. Faili jipya nililoletewa lilikuwa na `TEXT(B2,"yyyy")` kwa ajili ya kutoa mwaka kwenye tarehe. Kwenye kompyuta ile jina la fomula halikuleta shida, lakini badala ya mwaka, seli zote zilijaa herufi `yyyy`, kwa kuwa kompyuta yenye mipangilio ya Kijerumani inategemea `JJJJ`. Niliibadilisha fomula ikawa ya `YEAR`, inayosomeka `JAHR` kwa Kijerumani, na hiyo hugeuzwa yenyewe kila faili linapohama.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi ilikuja mwishoni, nilipotakiwa kuwaachia wenzangu wawili maelekezo kwa Kiswahili ili waendelee na daftari lile kwenye kompyuta ile ile. Niliandaa jedwali la safu wima tatu: jina la Kijerumani kama linavyosomeka kwenye skrini, jina la Kiingereza, na Kiswahili. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa mbovu. Nilikuwa nimeandika futa kwa `Delete` na futa kwa `Clear`, yaani nimelirudia kosa lile lile la vitufe viwili vyenye jina moja, safari hii kwa lugha yangu mwenyewe. Kiswahili kinaruhusu hilo kwa urahisi, kwani tunafuta ubao, tunafuta jina na tunafuta faili bila kujiuliza. Niliamua kwamba neno futa litumike pale seli inapobaki na kuwa tupu, na neno ondoa pale seli yenyewe inapokwenda, kisha nikaongeza katika kila mstari kinachotokea kwa seli za jirani.

Neno safu nalo lilinipa kazi. Mtu mmoja akisema safu hufikiria mstari wa kulala, mwingine hufikiria wa kusimama, na nilipompa mwenzangu mmoja rasimu ile alisoma ondoa safu zilizojirudia na kuuliza, kwa haki kabisa, ni safu zipi. Baada ya hapo sikuandika safu peke yake mahali popote. Niliandika safu mlalo au safu wima kila mara, hata pale ilipofanya sentensi kuwa nzito. Kwa `Einfügen` nilitumia maneno mawili tofauti: bandika kwa kile kitufe chenye ubao wa kunakilia, na ingiza kwa kile cha kundi la seli. Kwa `Fenster fixieren`, Kiingereza kinataja vidirisha na Kijerumani dirisha, na sikuona faida ya kumtwisha msomaji kimojawapo, kwa hiyo niliandika kwamba amri hii inaacha vichwa vya jedwali vionekane unaposhuka chini.

Nilikwama kwenye `Format übertragen`, kitufe cha brashi kinachochukua rangi, fonti na mipaka ya seli moja na kuipaka seli nyingine. Jina lake la ndani ni `FormatPainter`, na Kiingereza kimeegemea ile brashi, wakati Kijerumani kinasema kuhamisha muundo. Hamisha nililikataa kwa sababu lingemfanya mtu adhani seli ya kwanza inabaki bila muundo. Nakili muundo lilikuwa karibu zaidi na ukweli, ila mwenzangu alipolisoma alikwenda kubofya kitufe cha kunakili. Hatimaye nilichora brashi ndogo kwa kalamu pembeni mwa mstari huo, nikaandika paka muundo, na wote wawili wakakipata kitufe bila kuniuliza.